Vali ya Heliamu Kwenye Saa ya Mbizi: Nani Anaihitaji?

Ubavuni mwa saa ya Rolex iitwayo Sea-Dweller, upande wa kushoto, pana kidude cha mviringo kilichozama ndani ya chuma. Wengi wanaoivaa saa hiyo hawajawahi kukiona kikifanya kazi, na hawatakiona kamwe. Kwenye Omega Seamaster ya mita 300 kitu hicho hicho kimetokeza waziwazi kama nobu ya pili, karibu na namba 10. Hiyo ndiyo vali ya kutolea heliamu. Wauzaji huitaja kwa heshima, na mnunuzi huondoka dukani akiamini kuwa saa yenye vali huzama kwa usalama zaidi kuliko isiyo nayo.

Imani hiyo haina msingi. Vali ya heliamu haikuwekwa ili kuzuia maji. Iliwekwa kwa sababu ya tatizo linaloipata saa wakati mwenyewe amekaa pakavu kitandani, amevaa fulana, pengine anasoma kitabu au anacheza karata na wenzake. Ukilielewa tatizo hilo, utajua pia ni kitu gani hasa kinachoilinda saa yako unapoingia nayo baharini, nacho ni cha bei ndogo sana.

Tuanzie Marekani, katika jeshi la wanamaji, mwishoni mwa miaka ya 1950. Daktari wa jeshi hilo, George Bond, alikuwa akitafuta namna ya kumweka mtu chini ya bahari kwa muda mrefu. Kikwazo chake kilikuwa gesi. Mtu akiwa chini ya maji huvuta hewa yenye shinikizo kubwa, na gesi iliyomo humezwa na damu na nyama za mwili. Akipanda haraka, gesi hiyo hutoka kwa mapovu kama soda iliyofunguliwa ghafla, na mapovu ndani ya mishipa ya mtu hulemaza au huua. Ndiyo maana mpiga mbizi hupanda polepole akisimama njiani, na kadiri alivyokaa chini kwa muda mrefu ndivyo safari ya kurudi inavyorefuka. Kwa kazi ya kina kirefu, dakika chache za kufunga bomba zinaweza kudai saa nyingi za kupanda.

Bond aliona upenyo. Mwili una kikomo cha gesi unayoweza kumeza kwa shinikizo fulani. Baada ya siku moja hivi unakuwa umeshiba, na kuanzia hapo hata mtu akikaa wiki tatu, muda wa kumrudisha hauongezeki. Kwa hiyo ni afadhali kumshibisha mara moja, kumwacha aishi kwenye shinikizo hilo muda wote wa kazi, kisha kumrudisha mara moja tu mwishoni. Huo ndio upigaji mbizi wa kushiba gesi, na mpaka leo ndio unaotumika kwenye visima vya mafuta na gesi katika Bahari ya Kaskazini, Brazili na Ghuba ya Uajemi.

Lakini mtu hawezi kuishi kwenye kina hicho kwa kuvuta hewa ya kawaida. Nitrojeni iliyomo humlevya, na oksijeni ikizidi hugeuka sumu. Badala yake hupewa oksijeni kidogo iliyochanganywa na heliamu nyingi. Heliamu hailevyi, ni nyepesi, inavutika bila kuchosha mapafu, ingawa hufanya sauti iwe nyembamba hata wasimamizi walio juu wahitaji mtambo wa kuwaelewa. Mwaka 1964 wanamaji wanne wa Marekani waliishi siku 11 ndani ya nyumba ya chuma iliyoitwa SEALAB I, karibu na Bermuda, kwenye kina cha mita 58 hivi. Mmoja wao alikuwa Robert Barth. Mwaka uliofuata ikaja SEALAB II, mbele ya pwani ya La Jolla huko Kalifonia, kwenye mita 62, ambako mwanaanga Scott Carpenter alikaa siku 30.

Ni katika maisha hayo ya ndani ya heliamu ndipo saa zilipoanza kuonyesha kioja. Ndani ya maji zilifanya kazi vizuri. Wakati wa kurudishwa kwenye hewa ya kawaida, vioo vyake vilichomoka na kuruka. Barth ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa aliyewapa watengenezaji wazo la kutoboa kitundu cha kutolea gesi. Rolex ilitoa Sea-Dweller yenye vali mwaka 1967, na Doxa, kampuni nyingine ya Uswisi, ikawauzia wananchi wa kawaida saa yake ya Conquistador yenye vali mwaka 1969.

Kwa nini kioo kiruke?

Tuchukue kazi moja ya kawaida ya kina cha mita 100. Hewa tunamoishi usawa wa bahari ina shinikizo la angahewa moja, na kila mita 10 za maji ya bahari huongeza nyingine moja. Kwenye mita 100, basi, shinikizo ni angahewa 11. Siku hizi wapiga mbizi hawakai chini ya bahari kama watu wa SEALAB. Wanaishi ndani ya chemba ya chuma iliyofungwa juu ya meli, iliyojazwa heliamu na oksijeni mpaka kufikia shinikizo hilo hilo la angahewa 11. Zamu ikifika wanaingia kwenye kengele ya kupigia mbizi, wanateremshwa, wanafungua mlango wa chini na kutoka kwenda kazini. Wakimaliza wanarudi kwenye chemba, wanavua nguo za kazi, wanakula, wanalala. Maisha huenda hivyo kwa wiki tatu au nne.

Saa iko mkononi muda wote huo. Ndani yake mlifungwa hewa ya kawaida siku ilipotengenezwa, yaani angahewa moja. Nje kuna heliamu ya angahewa 11 inayosukuma kila upande. Maji hayawezi kupita kwenye mpira mzima wa kuzibia, ule ambao mafundi huuita oringi. Heliamu inaweza. Chembe zake ni ndogo mno, na mpira ukiutazama kwa undani kabisa ni msokotano wa nyuzi zenye mianya kati yake. Heliamu hupenya katika mianya hiyo taratibu, saa baada ya saa, hata kama oringi ni mpya na saa haina kasoro yoyote. Baada ya siku kadhaa ndani ya saa napo panakaribia angahewa 11. Wakati huo hakuna kinachoharibika, na mwenye saa hajui kitu, maana ndani na nje ni sawa. Hata akitoka nayo kwenda kazini kwenye mita 100, maji yanayoisukuma kutoka nje yanakuta msukumo uleule ndani.

Shida inakuja siku ya kurudi. Kutoka mita 100 watu hushushiwa shinikizo kwa siku nne hivi, kidogo kidogo, ili miili yao itoe gesi bila mapovu. Saa nayo inaitoa heliamu yake, lakini inaitoa kwa njia ileile nyembamba ya kwenye mpira, na mara nyingi haiwezi kwenda sambamba na kasi ya chemba. Tuseme nje pamefika angahewa tatu na ndani ya saa bado pana nane. Tofauti ni tano. Kioo chenye kipenyo cha milimita 30 kina eneo la sentimita za mraba saba, na kila sentimita ya mraba sasa inasukumwa na uzito wa kilo tano. Jumla ni kama kilo 35 zinazokisukuma kioo kutoka ndani kwenda nje.

Ubaya ni kwamba kioo cha saa ya mbizi kimetengenezwa kwa matarajio ya kinyume. Kimekalia ukingo wa chuma, na maji ya nje yanapokisukuma kinazidi kukaa imara. Kutoka ndani hakuna kinachokizuia isipokuwa mbano wa pete ya plastiki au mpira unaokizunguka. Na hali ni mbaya zaidi saa ikitolewa kupitia kile kijichumba kidogo cha chemba kinachotumika kupitishia chakula na dawa, kwa sababu hapo shinikizo hushuka kwa dakika chache badala ya siku. Kioo huruka kwa kishindo, au mfuniko hufunguka, au nobu hutoka.

Vali inalimaliza tatizo hilo kwa ufundi mdogo. Ni kipini chenye oringi, kinachovutwa na springi kiweze kuziba tundu. Shinikizo la nje linakikandamiza kizibe zaidi. Shinikizo la ndani likizidi la nje kwa angahewa chache, springi inazidiwa nguvu, kipini kinainuka, gesi inatoka, na kipini kinarudi mahali pake. Kwenye Rolex hilo hufanyika lenyewe. Kwenye Omega ya namba 10 mwenye saa huifungua vali kwa mkono anapoanza kurudishwa, na kuifunga anapomaliza. Angalia pia kile ambacho vali haifanyi: haizuii heliamu kuingia. Inairuhusu tu itoke kwa haraka.

Wapo waliolitazama tatizo hilo na kuamua kutotoboa tundu. Mwaka 1968 mpiga mbizi mmoja wa Kure, katika mkoa wa Hiroshima, aliiandikia Seiko barua akieleza kuwa saa zao hazistahimili kazi za kina kirefu za kuishi ndani ya heliamu. Kampuni hiyo ilifanya kazi kwa miaka saba, na mwaka 1975 ikatoa saa ya mita 600 yenye kasha la titani lisilo na mfuniko wa nyuma na oringi pana yenye umbo la herufi L, inayobana kiasi kwamba heliamu inayopenya ni kidogo mno kuweza kuinua kioo. Omega nayo, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilitengeneza saa nzito ya mita 600 yenye kasha la chuma la kipande kimoja, maarufu kwa jina la Ploprof, ikaijaribu pamoja na kampuni ya upigaji mbizi ya COMEX ya Marseille. Haikuwa na vali. Ndiyo kusema hata mpiga mbizi wa kushiba, ambaye vali ilibuniwa kwa ajili yake, ana njia nyingine. Na ipo ya tatu, rahisi kuliko zote, ambayo wafanyakazi wenyewe huitumia: siku ya kurudishwa, wakiwa pakavu ndani ya chemba, wanafungua nobu ya saa na kuivuta. Gesi inatoka kwa mlango wa kawaida.

Kiwango cha kimataifa cha saa za wapiga mbizi, ISO 6425, hakisemi kwamba saa ya kazi hiyo lazima iwe na vali. Kinadai matokeo. Saa huwekwa ndani ya gesi yenyewe itakayotumika, kwenye shinikizo la asilimia 125 ya kina kilichoandikwa, kwa siku 15, kisha shinikizo hushushwa hadi la kawaida ndani ya dakika tatu. Ikibaki nzima imefaulu, iwe kwa vali, iwe kwa oringi nene, iwe kwa kasha la kipande kimoja.

Na mtu wa kawaida je?

Mtu anayejifunza kupiga mbizi Mnemba, Pemba, Mafia au Watamu hupata cheti cha kwanza cha kushuka mpaka mita 18. Kikomo cha burudani hata kwa mwenye uzoefu ni mita 40. Mtungi aliobeba mgongoni una hewa ya kawaida, au hewa iliyoongezwa oksijeni. Heliamu haimo. Anakaa chini chini ya saa moja na kurudi. Kwa mtu huyo vali itabaki imefungwa tangu siku aliponunua saa mpaka siku atakapomrithisha mwanawe.

Wapo wachache wanaoshuka zaidi ya hapo na ambao mitungi yao ina heliamu kweli. Wengi wao hudhani kuwa kwa sababu wanaivuta heliamu, saa zao zinahitaji vali. Lakini heliamu yao iko ndani ya mtungi, ndani ya mpira wa pumzi na ndani ya mapafu. Saa yao iko ndani ya maji. Mapovu wanayotoa yanapita kando yake na kupanda. Tena mbizi yao ni ya saa chache, wakati heliamu huhitaji siku kadhaa ili ijikusanye ndani ya saa. Kinachoifanya vali ihitajike ni saa kukaa ndani ya chemba iliyojaa gesi, mchana na usiku, kwa siku nyingi. Asiyelala ndani ya chemba hana haja nayo.

Swali jingine huulizwa na wasafiri: je, ndege haiwezi kukirusha kioo? Haiwezi. Ndani ya ndege ya abiria shinikizo ni kama robo tatu ya lile la usawa wa bahari au zaidi kidogo. Tofauti ya robo angahewa inakisukuma kioo chetu cha milimita 30 kwa uzito usiofika kilo mbili, na kioo kilichobanwa vizuri hakitikisiki kwa hilo.

Wala vali haiji bure. Ni tundu la ziada kwenye kasha, lina oringi yake inayozeeka, na kila saa inapopelekwa kufanyiwa huduma inapaswa kubadilishwa mpira au kubadilishwa yote. Fundi asiyekuwa na vipuri vyake huiacha kama alivyoikuta. Vali ya kufungua kwa mkono ina hatari nyingine, nayo ni kusahauliwa ikiwa imefunguliwa, au kuzungushwa na mtoto anayeichezea saa kwa kudhani ni nobu ya kurekebishia majira. Aliye na saa ya namna hiyo aifunge na kuiacha imefungwa, na aikague kila anapoikagua nobu.

Nobu ndiyo habari yenyewe

Saa nyingi zinazoingia maji hazikushindwa na kina. Ziliachwa nobu wazi. Mtu amebadilisha tarehe asubuhi kwa haraka, akaisukuma nobu bila kuifunga, mchana akaingia baharini hadi kifuani, na jioni kioo kimejaa ukungu. Mita 300 zilizoandikwa usoni hazina maana yoyote nobu ikiwa imevutwa.

Nobu ya kufunga kwa kuzungusha imekuwapo kwa muda mrefu. Rolex iliitumia kwenye saa yake ya Oyster mwaka 1926. Kutoka kwenye kasha panatokeza kibomba kifupi chenye hesi, na ndani yake mnapita mhimili unaounganisha nobu na mitambo. Ndani ya nobu mna oringi. Unapoizungusha, hesi zinaivuta nobu kuelekea kasha na kuikandamiza mipira. Kwa hiyo hesi peke yake haizuii maji. Kinachoyazuia ni mpira. Kazi ya hesi ni kuukandamiza mpira huo barabara na kuhakikisha nobu haivutwi kwa bahati mbaya na mkono wa shati, kamba au kidole. Ushahidi ni saa ya Blancpain iitwayo Fifty Fathoms ya mwaka 1953, mojawapo ya saa za mwanzo kabisa za mbizi za kisasa, ambayo nobu yake haikuwa na hesi ya kufungia. Ilikuwa na mipira miwili, wa pili ukilinda hata nobu ikivutwa kwa bahati mbaya, na wanamaji wa Ufaransa waliitegemea.

Kuifunga kunahitaji utulivu kuliko nguvu. Saa na vidole viwe vikavu. Isukume nobu mpaka mwisho, uishikilie hapo kwa wepesi, kisha izungushe kwanza kinyumenyume, kama unayeifungua. Utasikia kishindo kidogo cha hesi kuangukia mahali pake. Hapo ndipo ugeuze upande na kuanza kufunga. Inapaswa kwenda laini kwa mizunguko kadhaa. Ikikaza baada ya nusu mzunguko tu, simama: hesi zimepishana, na ukilazimisha utazikata. Rudi nyuma, uanze upya. Ikifika mwisho iache. Kuikaza kwa nguvu zote, au kwa koleo kama wafanyavyo wengine, hakuongezi usalama. Kunaubonyeza mpira mpaka unapasuka na kuzila hesi za kibomba. Baada ya kufunga tazama kwa pembeni. Nafasi kati ya nobu na kasha iwe sawa pande zote. Ikiinama upande mmoja, saa hiyo isiingie majini siku hiyo.

Ukaguzi huo ufanyike nyumbani kabla ya kutoka. Ufukweni mikono ina mchanga na mafuta ya jua, na chembe moja ya mchanga kwenye mpira inatosha kufungua njia ya maji. Ukiwa majini usiiguse nobu kabisa. Saa zenye vitufe vya kupimia mbio nazo vitufe vyake visibonyezwe chini ya maji, isipokuwa mtengenezaji ameandika wazi kuwa inaruhusiwa. Kila unapobonyeza, unausogeza mpira wakati maji yanaukandamiza. Ukitoka baharini suuza saa kwa maji baridi ya bomba nobu ikiwa bado imefungwa, ikaushe, na ndipo unaweza kuifungua ukitaka. Anayeifungua ikiwa imelowa huyavuta ndani yale matone yaliyonasa kwenye hesi. Asiyeisuuza huacha chumvi ikauke hapo hapo, na chumvi iliyokauka hufanya kazi ya msasa kwenye mpira kila nobu inapozungushwa.

Kuna hofu moja iliyoenea ambayo naomba tuiweke kando. Husemwa kwamba kuupiga mkono majini huongeza shinikizo maradufu, kiasi kwamba muogeleaji wa juujuu anafikia shinikizo la mita 50. Hesabu haisemi hivyo. Mkono unaokwenda kasi ya mita tano kwa sekunde, ambayo ni kasi kubwa sana majini, huongeza shinikizo la kama mita moja na robo tu ya maji. Sababu ya kutoiamini saa ya mita 30 baharini ni nyingine. Namba ile ni matokeo ya jaribio la saa mpya, tulivu, maabarani, na mipira yake haikupewa akiba ya kutosha kwa miaka ya jasho, joto na sabuni. Kwa kuogelea tafuta mita 100. Kwa mbizi za mtungi, mita 200 zinatosha kabisa. Kwenye kikomo cha mita 40 saa hiyo inabeba moja ya tano tu ya ilichoandikiwa. Kinachoila akiba hiyo ni mpira kukauka, na mpira haukausshwi na kina. Hukaushwa na maji ya moto ya bafuni, shampuu, dawa ya mbu, manukato, na miaka.

Ndiyo maana fedha ya mwenye saa ina mahali pazuri pa kwenda kuliko kwenye vali. Fundi mwenye kifaa cha kupimia huiweka saa ndani ya chupa nene ya plastiki yenye maji nusu, ikining'inia juu ya maji, kisha hupampu hewa ndani ya chupa na kuiacha kwa dakika kadhaa. Kama kuna upenyo, hewa huingia ndani ya saa. Halafu huitumbukiza saa majini na kuanza kupunguza shinikizo polepole huku akitazama. Mapovu yakichuruzika kutoka kwenye nobu, kioo au mfuniko, amejua tundu lilipo, na huinyanyua saa upesi kabla maji hayajapata nafasi ya kuingia. Utaona kuwa huo ni mkasa uleule wa chemba ya heliamu, gesi inayoingia kwa shinikizo na kutoka shinikizo likishuka, isipokuwa hapa umegeuzwa kuwa kipimo. Kwa anayeogelea na saa yake, kipimo hicho kifanyike kila mwaka, na kila saa inapofunguliwa hata kama ni kubadilisha betri tu. Oringi zilizochoka zibadilishwe na kupakwa grisi ya silikoni kidogo, zisirudishwe za zamani.

Nyumbani unaweza kupata dalili. Iache saa kwenye jua la asubuhi ipate joto la mkono wenye homa, kisha weka tone la maji baridi juu ya kioo kwa dakika moja na ulifute. Ukungu ukibaki chini ya kioo, mahali tone lilipokuwa, ndani mna unyevu. Jaribio kama hilo limo hata kwenye kiwango cha kimataifa. Likikuonyesha ukungu, usingoje ukauke wenyewe, maana ukikauka kwa macho unyevu bado umo ndani ukila mafuta na kuleta kutu. Na ikiwa ni maji ya chumvi yameingia, mpelekee fundi siku hiyo hiyo. Usubiri wa wiki moja unaweza kukugharimu mitambo yote.

Ukiipenda Sea-Dweller au Seamaster kwa sura yake, kwa uzito wake mkononi au kwa historia ya watu wa SEALAB, inunue kwa furaha, vali haitakudhuru ikibaki imefungwa. Ila usilipe zaidi kwa sababu yake, na usiidharau saa ya mita 200 isiyo nayo. Kabla hujaingia baharini tena, shika nobu yako uhakikishe imefungwa, na kama hukumbuki lini saa hiyo ilipimwa mara ya mwisho, ipeleke kwa fundi wiki hii.